Karani akipungukiwa kilo ni mwizi, mkulima akishushiwa daraja ni mvua: kwa nini tunahukumu hivi?

#1 Mkorosho Mkavu (Tandahimba)
Wadau, salaam. Nina jambo limenikaa kooni tangu kikao cha chama chetu cha msingi.

Karani wa ghala letu alipokea gunia 100, kila moja kilo 80 kwa mizani yetu, jumla kilo 8,000. Zikakaa wiki tatu zikingoja gari. Zilipofika ghala kuu, mizani ya kule ikasoma 7,770. Pungufu kilo 230. Mwenyekiti hajamaliza hata kusoma taarifa, ukumbi mzima unasema mwizi. Mzee mmoja akasimama: "Mimi nilijua tangu alipoezeka bati." Hakuna aliyeuliza habari za ghala, za mizani wala za gunia lenyewe.

Sasa watu hao hao, wiki chache nyuma, korosho zao zilishushwa daraja la pili. Kila aliyesimama alitaja mvua ya usiku au turubai bovu, au kijana wa kuanua aliyechelewa. Lakini ukimuuliza habari za jirani yake aliyeshushwa siku ile ile, jibu ni "yule mvivu, haaniki". Mvua ilinyesha kwake tu?

Nataka kujua hii inatoka wapi. Ni roho mbaya au kuna kitu kingine?

#2 Zee la Newala
Mkuu, usituzungushe. Nimekaa kwenye bodi ya chama misimu kadhaa na makarani wezi nimewaona kwa macho yangu. Kuna anayekanyaga mizani kwa kidole cha mguu, na kuna anayeandika 78 kwenye gunia la 80 la bibi asiyejua kusoma. Watu wakisema mwizi hawajaota, wamefundishwa na yaliyowapata.

#3 Ndanda Stendi
Samahani, mnada wa wiki hii bei imefungaje? Naona mnazungumza kilo tu.

#4 Mkorosho Mkavu
@Ndanda Stendi uzi wa bei upo, huu ni wa mambo mengine kaka.

@Zee la Newala shikamoo mzee. Sijasema hakuna wezi. Nimesema hakuna aliyeuliza.

#5 Mwalimu wa Mikindani
Swali zuri. Wanasaikolojia wamelifanyia kazi muda mrefu, na jaribio linalotajwa sana ni la Jones na Harris, mwaka 1967, kwa wanafunzi wa chuo cha Duke kule Marekani. Waliwapa insha kuhusu Castro wa Kuba. Nyingine zilimsifu, nyingine zilimponda. Kundi moja liliambiwa mwandishi alichagua upande mwenyewe. Kundi lingine liliambiwa wazi kwamba alipangiwa upande na hakuwa na hiari. Kisha wakaulizwa: huyu mwandishi moyoni mwake anamwonaje Castro?

Ungetegemea kundi la pili liseme "hatujui, alilazimishwa". Wapi. Hata wao waliona aliyeandika sifa anampenda Castro kuliko aliyeandika maponda, ingawa tofauti ilikuwa ndogo kuliko kwa waliojiamulia. Walijua kuna kulazimishwa, lakini hawakukupa uzito wake. Mwaka 1977 Lee Ross wa Stanford akakiita kitendo hicho kosa la msingi katika kutafuta sababu: mtu akifanya jambo, tunarukia tabia yake na kupunguza uzito wa hali iliyomzunguka.

Maelezo mojawapo ni ya macho tu. Karani umemwona, amesimama mbele yako na kalamu. Unyevu wa korosho hauna uso.

Ile nyingine uliyoitaja, ya kushushiwa daraja, ni jamaa yake lakini si kitu kimoja. Pale mtu anajipendelea: jema ni juhudi yangu, baya ni mvua.

#6 Zee la Newala
Castro na korosho wapi na wapi mwalimu. Hao wanafunzi hawakuibiwa.

#7 Fundi Mizani (Mtwara)
Mimi niulize ambalo kikao hakikuuliza. Unyevu ulikuwa kiasi gani siku ya kupokea?

Nitawapigia hesabu. Gunia la kilo 80 lenye unyevu wa asilimia 12 lina maji kilo 9.6, na kilichobaki, kilo 70.4, ni kitu kikavu ambacho hakipungui. Likikauka hadi asilimia 9, ile 70.4 inakuwa sehemu 91 kati ya 100. Gawa 70.4 kwa 0.91 upate kilo 77.4. Gunia moja limepoteza kilo 2.6 bila mkono wa mtu kuligusa. Mara 100, ni kilo 260 na ushee. Karani wako anadaiwa 230.

Nyinyi wakulima mnajua kuipima bila kifaa. Unatikisa korosho sikioni, ikigonga ndani imekauka. Unaikandamiza ganda kwa ukucha, ukucha ukiacha alama bado ni mbichi. Sasa siku ya kupokea, msimu una haraka na foleni inafika barabarani, nani alikandamiza ukucha?

#8 Zee la Newala
Hesabu nzuri, ila unapotea hapa. Hizo zilikuwa ndani ya gunia, zimepangwa juu kwa juu, ndani ya ghala. Korosho inakauka juani kwenye mkeka, si katikati ya rundo. Na huku juu Newala asubuhi ukungu unaingia mpaka chumbani. Kutoka 12 hadi 9 kwa wiki tatu za ghalani mimi sikubali.

#9 Fundi Mizani
Hoja yako ina uzito mzee, sitabisha. Rundo la kati halikauki upesi. Ndiyo maana nauliza la pili: mlipima na gunia au bila gunia? Gunia la katani au juti lina kama kilo moja. Kama karani aliandika uzito pamoja na gunia, na ghala kuu wakatoa gunia, basi kilo 100 zimeondoka kwenye karatasi tu. Zinabaki 130. Hapo huhitaji unyevu kushuka hadi 9, ukianzia 12 inatosha kushuka hadi kama 10 na nusu.

Na la tatu, mizani zote mbili zina alama ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu?

#10 Mkorosho Mkavu
Ahsante fundi. Nimepiga simu. Kitabu cha kupokelea kina safu ya jina, namba ya mkulima, idadi ya gunia na kilo. Safu ya unyevu haipo. Kuhusu gunia, karani anasema alitoa, mpimaji msaidizi anasema hawakutoa. Mizani yetu ina alama, ya ghala kuu sijajua.

#11 Kijana wa Masasi
Mimi nilisoma kidogo habari hizi chuoni. Hili kosa ni la Wazungu. Wao kila mtu kivyake, ndiyo maana wanaangalia mtu mmoja mmoja. Sisi tunaishi kijamaa, tunajua mtu amezungukwa na ndugu, majirani na shida. Yupo mtafiti aliyelinganisha Wamarekani na Wahindi, Wahindi wakaonekana kutaja mazingira zaidi.

#12 Mama Kitangari
Mwanangu, umesoma #1? Hicho kikao kilikuwa cha Wazungu?

#13 Mwalimu wa Mikindani
@Kijana wa Masasi umeshika nusu. Utafiti unaoutaja ni wa Joan Miller, 1984, kati ya watu wa Chicago na Wahindu wa Mysore. Ni kweli watu wazima wa Mysore walitaja hali na mahusiano zaidi. La kuvutia ni kwamba watoto wadogo wa pande zote mbili walikuwa karibu sawa, tofauti ikaongezeka kadiri walivyokua. Maana yake ni kwamba namna ya kuhukumu inafundishwa.

Lakini jaribio la insha lilipofanywa kwa wanafunzi wa Korea, nao waliangukia mle mle. Tofauti yao ilikuja pale ambapo kulazimishwa kwenyewe kulifanywa kuonekane wazi, kwa mfano msomaji naye kwanza alipangiwa upande na kuandika. Hapo Wakorea walirekebisha hukumu zao, Wamarekani hawakurekebisha sana. Kwa hiyo kuishi kijamaa hakufuti kosa, kunarahisisha kulisahihisha, ikiwa mtu ameonyeshwa.

#14 Mama Kitangari
Mimi naona mnazunguka mbuyu. Pesa ndiyo jibu. Kilo 230 zikiwa za mwizi, analipa karani, anakatwa posho yake, yamekwisha. Zikiwa za unyevu, hasara ni ya wakulima wote na kila mtu anakatwa kidogo kwenye malipo yake. Sasa niambieni, watu mia wakiulizwa ni mwizi au ni unyevu, watapiga kura wapi? Hapo hakuna kosa la akili. Akili inafanya kazi vizuri kabisa.

#15 Mkorosho Mkavu
Bi mkubwa hilo sikulifikiria na ni zito. Lakini halielezi jirani aliyeshushiwa daraja. Ukimwita mvivu hupati hata shilingi.

#16 Mama Kitangari
Hupati shilingi lakini unapata jina. Wewe mwenye bahati mbaya, yeye mvivu. Watoto wakija kuposwa, jina ndilo linaloulizwa.

#17 Bint Mchinga (Lindi)
Hodi humu. Mimi sina chama, nina kesi ya nyumbani na naomba mnisaidie.

Marehemu baba alituacha watatu na shamba la mikorosho. Kaka ndiye anayenunua salfa na kupulizia. Mimi napalilia, nasimamia kuokota na kutenganisha na mabibo. Mdogo wetu yuko mjini, anatuma hela ya vibarua na ndiye anayefuatilia malipo benki. Msimu uliopita tukagombana vibaya kwenye mgawo. Mjomba akatuita, akampa kila mmoja karatasi, akasema andika kazi yako ni sehemu ngapi katika mia, usimwonyeshe mwenzio. Kaka aliandika 60. Mimi 50. Mdogo 45. Mjomba akajumlisha mbele yetu: 155.

Kaka akasema sisi wawili ni waongo. Mpaka leo hatusalimiani sawasawa. Niambieni, kati yetu nani mwongo?

#18 Kijana wa Masasi
Kaka yako. Kupulizia ni asubuhi chache tu, kuokota ni kila siku.

#19 Zee la Newala
Kijana hujawahi kupulizia. Unaamka usiku unangoja upepo utulie na majani yawe na umande ili unga ushike. Upepo ukianza unarudi nyumbani, kesho tena. Salfa machoni wiki nzima. Ukichelewa ubwiri unga unakula maua yote, na huyo wa kuokota ataokota nini?

#20 Bint Mchinga
Ndivyo anavyosema kaka, maneno hayo hayo. Lakini mzee, nawe hujasema kitu kuhusu mgongo wa anayeinama kutwa.

#21 Mwalimu wa Mikindani
Bint Mchinga, pole. Inawezekana hakuna mwongo hata mmoja. Ross na Sicoly mwaka 1979 waliwauliza wanandoa, kila mmoja kivyake, sehemu yake katika kazi za nyumbani. Kwa kazi nyingi jumla ya mume na mke ilizidi kipimo kamili, kama karatasi za mjomba wako.

#22 Kijana wa Masasi
Huyo Ross wa Stanford aliyetajwa #5, sivyo? Basi kumbe ni kosa lile lile.

#23 Mwalimu wa Mikindani
Hapana, ni Ross wawili. Wa #5 ni Lee Ross. Huyu wa wanandoa ni Michael Ross wa Waterloo, Kanada. Na si kosa lile lile, ndiyo maana nimelileta. Wanandoa wale walijidai zaidi hata kwa mambo mabaya, kwa mfano nani husababisha magomvi ndani. Kama ni kujipendelea tu, kwa mabaya wangejipunguzia. Wao wakaona ni kumbukumbu: kazi yako unaikumbuka yote, na maumivu yake, ya mwenzio unakumbuka kipande ulichokiona.

Kaka yako hajakuona ukitenganisha korosho na mabibo jua la saa saba. Wewe hukuwa naye saa tisa usiku akisikiliza upepo. Mdogo wenu foleni ya benki hamkuiona nyote wawili.

#24 Mama Kitangari
Mwalimu, kumbukumbu gani inayozidisha upande wa hela tu? Waulize nani alisahau kufyeka barabara ya moto uone kama jumla itafika 155.

#25 Bint Mchinga
Bibi, hilo kweli tuliulizana na hakuna aliyejitokeza. Kila mtu alisema ilikuwa kazi ya mwingine.

#26 Mwalimu wa Mikindani
Basi hapo mama Kitangari ana pointi juu yangu. Watafiti nao hawajaelewana. Mwaka 1975 Dale Miller, si yule Joan wa #13, na huyo huyo Michael Ross waliuliza kama kujipendelea kunatoka kwenye kutaka kujisikia vizuri au ni hesabu ya kawaida ya mtu anayetegemea kufaulu, hivyo kushindwa anakuona ni jambo la nje. Ubishi unaendelea.

Nimsahihishe pia mwenye uzi kidogo. Wengi tulifundishwa kwamba mtu kila mara hujieleza kwa mazingira na mwenzake kwa tabia. Mwaka 2006 Malle alikusanya tafiti 173, akakuta tofauti hiyo kwa jumla karibu haipo. Ilionekana kwenye mabaya, na kwenye mema ikageuka. Kwa hiyo angalia kikao chenu: siku korosho zikipata daraja la kwanza, kuna anayetaja hali ya hewa?

#27 Mkorosho Mkavu
Hakuna. Siku hiyo ni "mimi najua kuanika".

#28 Lindi Pwani
Kwetu ofisini bosi alikuwa anaandika barua za onyo kwa wachelewaji. Ikabainika karibu wote wanakaa ng'ambo, Kitunda, wanavuka kwa kivuko. Kivuko kikiharibika au maji yakichafuka wanafika saa tatu. Bosi yeye ana gari na anakaa mjini. Siku gari lake lilipopata pancha akafika saa nne, akaeleza pancha kwa dakika kumi na sote tukampa pole. Dada wa masijala alipoeleza kivuko akaambiwa anatafuta visingizio.

#29 Zee la Newala
Na yupo wa Kitunda ambaye hata kivuko kikiwa kizima anachelewa?

#30 Lindi Pwani
Yupo mmoja mzee. Huyo na sisi tunamjua.

#31 Mwalimu wa Mikindani
Mzee amelenga penyewe. Harold Kelley mwaka 1967 alieleza kwamba mtu makini huangalia mambo matatu. Je, wengine wakiwa katika hali ile ile inawatokea? Je, huyu inamtokea kila mara? Je, inamtokea hapa tu au na kwingine? Wote wa Kitunda wakichelewa siku moja, tazama kivuko. Mmoja akichelewa hata bahari imetulia, na harusini anachelewa, na msibani anachelewa, hapo sema tabia.

@Mkorosho Mkavu, karani wenu mmeshamlinganisha na mwingine yeyote?

#32 Mkorosho Mkavu
Nimefuatilia. Tuna ghala dogo la pili lenye karani mwingine. Wiki zile zile alipeleka gunia 60, kilo 4,800 kwa kitabu chake. Ghala kuu ikasoma 4,682. Pungufu 118. Hakuitwa kikaoni kwa sababu kilo 118 zilionekana chache.

#33 Fundi Mizani
Gawa basi kwa gunia. Huyo wa pili amepoteza karibu kilo 2 kila gunia. Wa kwanza kilo 2.3. Yaani mmoja ni mwizi na mwingine hajambo, tofauti yao ikiwa gramu 300 kwa gunia. Mnaowahesabia ni ukubwa wa ghala.

#34 Zee la Newala
Au wote wawili wanaiba na wamekubaliana kiwango. Msicheke, nimeyaona. Na ile gramu 300 mara gunia 100 ni kilo 30. Kilo 30 za korosho si za kuokota njiani, nani atazieleza?

#35 Fundi Mizani
Sichekeshwi mzee, hilo linawezekana na kwa vitabu vilivyopo siwezi kulikanusha. Kuna njia ya kulijua lakini. Msafara ujao mpime gunia kumi za kila ghala, unyevu na uzito, siku ya kupakia na siku ya kushusha, mjumbe wa bodi akiwepo pande zote mbili. Gunia tupu lipimwe peke yake. Uzito ukipungua kuliko unyevu unavyoeleza, hapo kuna mkono wa mtu. Kipima unyevu mwombeni mwendesha ghala kuu, hiyo ni kazi yake.

#36 Mama Kitangari
Na hasara ikiwa ya unyevu, mwandike kabisa kabla ya kupima kwamba tutagawana. Mkiiacha mpaka majibu yatoke, mtaona kipima unyevu nacho kinaitwa kibovu.

#37 Ndanda Stendi
Nimesoma wote. Kumbe na mimi msimu jana nilikatwa kilo nikasema karani. Gunia zangu nilizifunga jioni ya mvua. Sijui sasa.

#38 Bint Mchinga
Mjomba anaita tena Jumapili. Nimemwomba safari hii tusiandike sehemu ya kila mtu. Kila mmoja aandike kazi za wenzake wawili anazozijua, moja moja, kisha mwenye kazi aongeze zilizosahaulika. Kaka amekubali ila anataka usiku wa kupulizia uhesabiwe mara mbili. Wazee mnasemaje, ni haki?

#39 Zee la Newala
Mara mbili ni haki.

#40 Mama Kitangari
Mara moja na nusu, na mgongo wa kuokota nao upandishwe.